Uzi: Mratibu, tunaomba mchezo wa mashindano utakaomfaa mgeni, mtoto na babu kwa pamoja

MamaWili_Tanga · Jumapili, saa 2:10 usiku

Bwana Mratibu, asalaam aleikum. Wengine wote habari za jioni.

Nimeona nikuandikie hapa badala ya kukupigia, maana najua wapo humu watu wa michezo watakaochangia. Ni kuhusu mashindano ya klabu shule zikifungwa. Mara iliyopita tulicheza bao. Binti yangu wa miaka 9 alipangwa na mzee mmoja ambaye nadhani alizaliwa na kete mkononi. Mtoto alitolewa kabla hajamaliza soda yake, halafu akakaa kwenye kiti saa nzima na zaidi akinisubiri mimi. Njiani kurudi akaniuliza, "Mama, mashindano ndiyo yale?" Sikuwa na jibu.

Safari hii nimekusanya majina mwenyewe. Tuko 20. Watoto ni 8, wa miaka 9 hadi 14. Watu wazima ni 12, wewe ukiwemo, na kati yao watatu wamepita miaka 60. Nusu ya orodha hawajawahi kucheza chochote zaidi ya ludo. Naomba mchezo ambao mtu anaweza kufundishwa ndani ya robo saa na asiaibike, mtoto acheze mpaka mwisho hata akishindwa, na tumalize kabla ya adhuhuri. Kabatini kwetu kuna mbao nne za bao, drafti sita na keram tatu. Pesa ya kununua kitu kipya hatuna.

---

Kijana_wa_Chuda · saa 2:31 usiku

Dada, suala dogo hilo. Leteni pleisteshen, mpira. Dakika nne nne kila kipindi, mechi moja dakika kumi imekwisha, watoto watafurahi mpaka basi. Mimi ninazo padi nne na televisheni naweza kuazima.

---

MamaWili_Tanga · saa 2:40 usiku

Kaka, ahsante, ila klabu yetu ni ya michezo ya mezani. Halafu wale wazee watatu hawajui hata padi inashikwaje. Tutakuwa tumegeuza tu ubao: mara iliyopita watoto walikaa na soda, safari hii watakaa wazee.

---

Kijana_wa_Chuda · saa 2:43 usiku

Hapo umenipata. Mdogo wangu wa darasa la tano alimfunga baba saba bila juzi, na baba akasema umeme ulikuwa mdogo.

---

Babu_wa_Ngamiani · saa 3:05 usiku

Wajukuu, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa.

Msikimbie bao kwa sababu ya mechi moja. Tatizo ni kwamba mliwatia watoto kwenye bao la Kiswahili lenyewe, lenye kunamua, kete 22 mkononi, nyumba, takata na mambo yake yote. Hilo hata mtu mzima analisomea miaka. Lipo bao la kujifunza. Unatia kete mbili mbili kila shimo, zote 64 ziko ubaoni tangu mwanzo, hakuna kunamua. Sisi tulianzia hapo tukiwa wadogo. Dakika tano tu mchezo umekwisha. Wacheze hilo na heshima ya bao ibaki.

---

Mratibu · saa 3:22 usiku

Mama Wili, pole na mimi ndiye wa kulaumiwa. Niliweka mtoano kwa sababu ndio rahisi kuusimamia. Babu, shikamoo. Wazo lako nimelipenda na nilikuwa naelekea hukohuko. Kabla sijaamua, kuna aliyeendesha bao la kujifunza kwa kundi la watu wasiojua?

---

Fundi_Mbao_Unguja · saa 3:58 usiku

Mratibu, mie nimeliendesha, skuli moja, watoto kama thelathini. Babu wa Ngamiani, shikamoo. Ulilosema ni kweli, bao la kujifunza ndilo mlango wa kuingilia. Lakini dakika tano ni zako wewe babu, si za mtoto.

Shida haiko kwenye sheria. Iko kwenye mkono. Mtoto anachota kete, anasambaza, ya mwisho inaangukia kwenye shimo lenye kete na mbele yake kuna za mwenzake. Anakula, anapeleka kichwani, anasambaza tena, ya mwisho inaangukia penye kete, anachota tena. Kufika hapo ameshasahau alikuwa anakwenda kulia au kushoto. Shimo moja anaangusha mbili kwa pamoja, jingine analiruka. Na bao likishakosewa halirudishiki. Kwenye drafti unaona kete ilitoka wapi, unairudisha. Kwenye bao kete zimeshachanganyika, na wote wawili wanaapa wako sawa. Nililazimika kuweka mtu mzima mmoja kila ubao kazi yake ni kuangalia mikono tu. Siku iliishia kwa watoto wawili kununiana.

Drafti nayo ina lake. Kula ni lazima, na anayejua mchezo anautumia ulazima huohuo kumburuza mgeni: anamtupia kete moja, mgeni analazimika kuila, anaondokewa na tatu, halafu anaingiliwa kingi. Mgeni hajui hata alipokosea. Anaona tu kete zinakwisha.

Kama keram mnazo tatu, mie ningeziangalia hizo.

---

Babu_wa_Ngamiani · saa 4:06 usiku

Mwanangu fundi, hilo la mikono sikulifikiria. Ni kweli tulikuwa tunapigwa kofi la mkono tukikosea. Siku hizi huwezi.

---

DadaZuhura_Toronto · saa 4:20 usiku

Huku kwetu tunacheza keram kila Eid, watu wazima na watoto, na kweli watoto huzoea haraka. Lakini tahadhari moja: mwaka juzi mume wangu na kaka zake waliikalia wao. Shemeji yangu mmoja alikulia barazani akicheza keram. Akianza zamu yake anaingiza kete moja baada ya nyingine mpaka ubao unakwisha, wengine wameshika mashavu. Sasa si yaleyale ya bao?

Na ile poda, jamani, ni salama kwa watoto? Mwanangu alikuwa analamba vidole.

---

Fundi_Mbao_Unguja · Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Dada Zuhura umegusa penyewe. Ngoja nieleze nilivyofanya mie, maana keram ya kawaida kwa kweli haimfai mgeni. Inayomfaa ni keram ya pointi.

Keram ya kawaida kila upande una rangi yake, kete tisa nyeupe au tisa nyeusi, na malkia mwekundu katikati. Anayemaliza zake kwanza ndiye mshindi wa duru hiyo, anahesabiwa kete za mwenzake zilizobaki. Kuna masharti ya malkia: huruhusiwi kumwingiza kabla hujaingiza hata moja yako, ukimwingiza lazima umfunike kwa kete yako pigo linalofuata, na ukimaliza kete zako yeye yuko mezani umekosa. Mgeni hapo ana mambo manne ya kukumbuka, na kidole bado hakijajua kupiga. Baya zaidi, akimwingizia mpinzani kete kwa bahati mbaya amemsaidia adui.

Keram ya pointi hakuna rangi ya mtu. Kete yoyote utakayoingiza ni yako. Nyeusi pointi 1, nyeupe 2, nyekundu 5. Tisa kwa moja, tisa kwa mbili, na tano: jumla 32 ubaoni. Mtoto hahitaji kulenga kete fulani. Anapiga katikati ya kundi, kitu kinaingia, ana pointi. Somo zima ni dakika tano na zinazobaki ni za kuzoesha kidole.

Jambo la pili ni saa. Keram ya kawaida ukipiga kengele katikati ya mchezo huwezi kusema nani anaongoza. Mmoja amebakiza kete tatu, mwenzake nne lakini malkia ni wake. Ya pointi wakati wowote unasimamisha, unahesabu, basi. Kwa mashindano yenye muda hilo ni kubwa kuliko yote.

Jambo la tatu ni kucheza wanne, wawili wawili, wenza wakikaa kuelekeana. Mtoto na mtu mzima upande mmoja, mtoto na mtu mzima upande wa pili. Zamu inakwenda kulia. Hapo hata yule shemeji wa Dada Zuhura akiwepo, kwa kila zamu yake kuna zamu ya mwenza wake mtoto.

Poda ni ya boriki, na si ya kulamba. Nyunyiza kidogo sana, ubao uteleze tu, si uwe mweupe. Watoto wanawe mikono kabla ya kushika chakula. Kama mnaogopa, wanga mwepesi wa mahindi unafaa kwa siku moja, ila kwa unyevunyevu wa pwani unagandamana baada ya saa moja hivi. Utajua kwa sauti: straika linaanza kukwaruza badala ya kuteleza. Futeni kwa kitambaa kikavu, mnyunyize upya. Msifute kwa maji.

---

Mtu_wa_Bara · saa 1:50 asubuhi

Fundi, hapo kwenye malkia umekosea. Malkia ni pointi 5 kwenye keram ya kawaida pia, si ya pointi tu. Hata wewe hukutaja hesabu yake.

---

Fundi_Mbao_Unguja · saa 2:02 asubuhi

Ndugu yangu, majumbani na barazani wengi wanahesabu 5, sikatai. Kwenye sheria za kimataifa za sasa ni 3, na ukishafika pointi 22 kati ya zile 25 za mchezo humhesabii tena kitu. Lakini hapa hatuzungumzii hiyo. Kwenye keram ya pointi mwekundu ni 5 kwa vile tumekubaliana hivyo. Klabu ikitaka 3, iandike ukutani 3.

---

Mtu_wa_Bara · saa 2:05 asubuhi

Sawa. Ila kwetu ni 5.

---

Mratibu · saa 7:40 mchana

Nimeshawishika. Nimetoka ukumbini sasa hivi, nimezishusha zile keram tatu. Moja imepinda: kete ukiiweka katikati inatambaa yenyewe kuelekea kona moja. Nyavu za vishimo zimeoza kwenye mbili. Kete 19 kamili zipo kwenye ubao mmoja tu, mwingine una 17 na wa tatu tumekuwa tukitumia vifuniko vya soda.

Fundi, nifanyeje na huo uliopinda? Na 20 kwa mbao tatu inakaaje? Wanne kwa ubao ni meza tano.

---

Fundi_Mbao_Unguja · saa 10:15 jioni

Kwanza hakikisha ni ubao na si meza. Uzungushe robo, weka kete katikati tena. Ikitambaa kuelekea kona ileile ya ukumbi, meza ndiyo inayolalia upande, weka kipande cha kadibodi chini ya mguu. Ikifuata kona ileile ya ubao, ubao ndio umepinda. Ulale kifudifudi juu ya sakafu kavu, matofali juu yake, siku kumi hivi, kisha utazame. Usiuanike juani, utapinda upande wa pili.

Kete zilizopungua usichanganye na vifuniko. Kifuniko ni chepesi, straika likikigusa kinaruka. Nunua seti moja tu ya kete, ni rahisi, haina haja ya ubao mpya. Straika liwe la kawaida, lisizidi gramu 15. Zito linawapendelea wenye mikono dhaifu kwa dakika kumi za mwanzo, baadaye linatumbukia shimoni kila pigo.

Hesabu ya watu sasa. Una watoto 8 na wazima 12. Kila raundi kila mtoto anapata mwenza mtu mzima kwa kura. Hao ni wenza 8, meza 4. Wazima 4 wanabaki bila mtoto, wanakaa meza ya tano wao kwa wao. Raundi ya pili wanakaa wengine 4, ya tatu wengine 4. Nne mara tatu ni 12. Kwa hiyo kwa raundi tatu kila mtu mzima atakuwa amekaa meza ya wakubwa mara moja kamili, na mara mbili amecheza na mtoto. Hakuna wa kulalamika kwamba yeye amebebeshwa watoto siku nzima, au hakubebeshwa.

Mbao tatu, meza tano: zinacheza tatu, kisha mbili. Mpe kila mchezo dakika 20, na 5 za kupanga upya. Raundi moja dakika 50, tatu ni saa mbili na nusu. Mkianza saa 3 asubuhi, saa 5 na nusu mmemaliza. Fainali robo tatu ya saa, saa 6 na robo mnatawadha.

---

MamaWili_Tanga · saa 11:02 jioni

Fundi, Mungu akuzidishie. Hii ya kila mtoto kucheza mechi tatu bila kutolewa ndiyo niliyokuwa naitafuta, sikujua naiombeje.

Swali la mtu asiyejua: mshindi anapatikanaje kama mwenza anabadilika kila raundi?

---

Mratibu · saa 11:30 jioni

Nafikiri kila mtu anabeba pointi za upande wake. Mkimaliza 14 kwa 11, wawili wa upande ule wanaandikiwa 14 kila mmoja, hawa 11 kila mmoja. Baada ya raundi tatu tunajumlisha.

---

Mwalimu_wa_Hesabu · saa 2:18 usiku

Samahani kuingilia, mimi si mchezaji lakini hesabu hiyo ina tundu. Meza ya wakubwa watamaliza ubao wote ndani ya dakika 20, pointi zote 32 zimegawanywa. Tuseme 18 kwa 14. Meza ya watoto kengele inalia wamefika 9 kwa 7, nusu ya kete ziko bado katikati. Aliyeshindwa kwa wakubwa ana 14, aliyeshinda kwa watoto ana 9. Haiwezi kuwa haki.

---

Fundi_Mbao_Unguja · saa 2:40 usiku

Mwalimu umeona vizuri. Ndiyo maana nikataka kila mzima akae meza ya wakubwa mara moja tu, wote sawa. Na watoto hawakai hapo hata mara moja, kwa hiyo wakipangwa peke yao, orodha yao na orodha ya wazima mbalimbali, tundu linaziba.

---

Mwalimu_wa_Hesabu · saa 2:52 usiku

Linaziba nusu. Hata meza za watoto hazilingani. Mtoto wa miaka 14 aliyebahatika kupata meza ya haraka atakusanya zaidi ya mwenzake aliyekaa na mzee anayefikiri dakika mbili kila pigo. Andikeni tofauti badala ya jumla. Mchezo ukiisha 9 kwa 7, hawa wanapata 2, wale wanatolewa 2. Ukiisha 18 kwa 14, ni 4 na kutolewa 4. Mwendo wa meza unapungua nguvu.

---

Mratibu · saa 3:10 usiku

Mwalimu, nakuelewa, ila niwaambie ukweli: mtoto wa miaka 9 akirudi kwangu na kadi imeandikwa "toa 6" nitamwelezaje? Juzi alikuwa na soda, leo ana deni.

---

Mwalimu_wa_Hesabu · saa 3:14 usiku

Basi kila mtu aanze na 20. Akipoteza 6 anabaki na 14. Hesabu ni ileile.

---

Mratibu · saa 3:16 usiku

Hapo sawa. Hiyo nimeichukua.

---

MamaWili_Tanga · Jumamosi, saa 8:20 mchana

Nimerudi na taarifa. Leo tulijaribu ukumbini, ubao ule mmoja wenye kete kamili: mimi na mtoto wa jirani wa miaka 11, Mratibu na binti yangu.

Dakika za mwanzo zilikuwa za kuchekesha. Binti yangu alikuwa anakivuta kidole nyuma kabisa kama anafyatua manati, kinagonga straika kwa kucha, anapiga kelele "aii!" na straika halijafika hata katikati. Mapigo manne hivyo, machozi yakaanza kulenga. Bahati nzuri alipita bibi mmoja wa jirani, akakaa kando yake, akamwambia asivute. Akamwekea ncha ya kidole cha kati karibu igusane na straika, akaibana kwa kidole gumba, kisha akaiachia tu. Halikuuma, na straika likaenda moja kwa moja likapiga kundi. Kete mbili zikaingia mashimo mawili tofauti. Alinitazama kama mimi ndiye niliyekuwa nimemficha siri hiyo.

Mimi nilikuwa na kosa jingine, nasukuma. Nadhani napiga, kumbe kidole kinafuatana na straika mpaka nje ya mstari. Yule bibi alisema pigo halisi lina mlio, "tak", na kusukuma hakuna mlio. Baada ya hapo hata watoto wakawa wananikamata: "Mama Wili, hujalia!"

Ubao mzima ulituchukua dakika 27, kwa hiyo kwa dakika 20 kengele itatukuta na kete chache zimebaki. Binti yangu alikuwa anapiga amesimama, akikaa kiwiko kinakuwa chini ya ukingo. Hilo linaruhusiwa?

---

Fundi_Mbao_Unguja · saa 9:05 alasiri

Kisheria mchezaji anakaa na kiti hakisogei. Kwa watoto mie huruhusu wasimame, mradi wasiegemee ubao wala wasizunguke kona. Au mpe mito miwili. Na yule bibi mwandikisheni msaidizi, anajua anachokisema.

Straika likitumbukia shimoni mtafanyaje? Amueni mapema, ndilo litakalotokea mara nyingi kuliko yote.

---

Mratibu · saa 9:30 alasiri

Zamu inapita, na upande huo unarudisha nyeusi moja katikati kama wanayo. Hawana, zamu inapita tu. Mwekundu: ukimwingiza lazima uingize kete nyingine yoyote pigo linalofuata, ukikosa anarudi katikati. Nimeona leo watoto walivyoshika pumzi kwenye pigo lile la pili, sitaki kuwaondolea.

Limebaki moja linalonisumbua, la shemeji wa Toronto. Tunao wawili wa aina yake kwenye orodha. Nafikiria kuweka kikomo: mtu mzima akiingiza mara tatu mfululizo zamu inapita. Mtoto hana kikomo.

---

Babu_wa_Ngamiani · saa 10:12 jioni

Mratibu, hapo nakukatalia. Mtu akiwa mkono umeiva, kumkata ni kama kumwambia mwimbaji aache ubeti katikati. Watoto watajifunza nini kama hawajamwona mtu akisafisha ubao? Mimi nilijifunza bao kwa kutazama, si kwa kuhurumiwa.

---

DadaZuhura_Toronto · saa 11:40 jioni

Babu, kwa heshima zote, mimi ndiye niliyekaa nimeshika shavu. Mara ya kwanza unatazama. Mara ya tatu unakwenda kupika chai.

---

Fundi_Mbao_Unguja · saa 1:05 usiku

Mie nimeona zote mbili. Penye kikomo cha tatu mchezo unachangamka, lakini wale mafundi wanaanza ujanja: pigo la tatu hawaingizi, wanamzibia mpinzani kete. Hapo mtoto anayefuata anakuta ukuta. Jaribuni kikomo raundi tatu za mwanzo, fainali kiondolewe. Sina uhakika kama ndilo jibu.

---

Mratibu · saa 2:00 usiku

Tutapiga kura asubuhi ile, kabla ya kuanza, watoto nao wanyooshe mikono. Fainali itakuwa watoto wawili wa juu na wazima wawili wa juu. Mtoto wa kwanza na mzima wa pili, dhidi ya mtoto wa pili na mzima wa kwanza. Mbao tatu, anayeshinda mbili. Tukiona saa 6 na robo inakaribia, wa tatu tutauchezea kengele.

Seti ya kete nimeshanunua. Ubao uliopinda uko chini ya matofali. Majina ni yaleyale 20, ndiyo hesabu nzima inavyokaa.

---

Kijana_wa_Chuda · saa 2:09 usiku

Na nani anashika saa na kengele? Wewe uko kwenye orodha, unacheza.

---

MamaWili_Tanga · saa 2:25 usiku

Mratibu, usinikasirikie. Yule bibi wa leo amenipigia sasa hivi. Anauliza kiingilio ni shilingi ngapi.

---

Mratibu · saa 2:31 usiku

Basi jina langu lifute, andika lake. Saa nitashika mimi.